Barua ya Pili

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikuwahi kumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo msibani, na siku moja alikwenda nayo kwa daktari wa meno, daktari akamuuliza ni nani kati yao aliyekuja kupimwa. Kazi yake ilikuwa kukata. Wanaoweza kushona wako wengi, lakini kukitandaza kitambaa mezani ukajua bega litakaa wapi na kiuno kitaanguka wapi kabla mkasi haujakigusa, hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake.

Rafiki yake alikuwa Kipusa. Walijuana tangu enzi za sare za shule, na hilo jina Kipusa alipewa hukohuko kwa sababu ya sura yake, likamganda hata alipokuwa mke wa mtu na mama wa wavulana wawili. Mama Futi alikuwa na mikono, Kipusa alikuwa na mdomo. Walipofungua duka lao la nguo za kike mtandaoni, hawakugombania nani afanye nini. Kwenye banda la gari nyuma ya nyumba ya Kipusa waliweka meza ya kukatia, vyerehani viwili vya mafundi wawili waliowaajiri, pasi, na rafu za mifuko ya kufungia mizigo. Kipusa alipiga picha na kuongea na wateja. Mama Futi alikata, na kwa kuwa alikuwa mvumilivu kuliko mwenzake, alisoma pia barua pepe zote zilizoingia dukani na kuzijibu.

Huko kwenye kujibu ndiko alikogundua tatizo. Tovuti yao ilikuwa na kisanduku kidogo: andika anwani yako ya barua pepe, upate punguzo la asilimia kumi kwa gauni la kwanza. Watu walijiandikisha, wakapata namba ya punguzo, basi, kimya. Baada ya wiki tatu au nne Kipusa alikumbuka kuwa ana orodha, akawatupia wote tangazo la nguo mpya. Wengine walijibu, "Nyie ni akina nani?" Wengine hawakuuliza, walijiondoa tu. Na walionunua nao, magauni yalirudi: bega linabana, kiuno kimepanda, mama naomba unibadilishie.

"Mtu kabisha hodi," Mama Futi alisema Jumatatu moja asubuhi, wakiwa wanafunga mizigo, "tumemfungulia mlango, halafu tumemwacha kasimama sebuleni. Hajaambiwa karibu, hajaambiwa keti."

"Wewe nawe," Kipusa alicheka. "Sasa tumpikie?"

"Tumkaribishe. Barua tano, zijitume zenyewe."

Akaikunjua karatasi ya ruwaza, ile anayochorea vipande vya nguo kabla ya kukata, akachora juu yake visanduku vitano kwa chaki ya fundi. Barua ya kwanza itatoka papo hapo mtu anapojiandikisha, kwa sababu punguzo lile tumeliahidi na yeye anasubiri. Itamwambia pia tutakuwa tunamwandikia mara ngapi, ili asishtuke. Ya pili itatoka kesho yake: sisi ni nani, nguo zetu zinashonwaje. Ya tatu, siku ya nne, ni ya kujipima. Hiyo aliipenda kuliko zote. Usijipime juu ya nguo nene, utepe ulale sambamba na sakafu, na kama huna wa kukushikia, chukua gauni lako linalokukaa vizuri, litandaze kitandani ulipime hilo. Ya nne, siku ya saba, picha za wateja na maswali yanayoulizwa sana, pamoja na namna ya kubadilisha nguo isiyokaa. Ya tano, siku ya kumi, kumkumbusha kwamba punguzo linakwisha baada ya siku mbili.

"Na aliyekwisha kununua?" Kipusa aliuliza. Hakuwa mjinga.

"Huyo anatoka kwenye mstari palepale. Utamkumbushaje punguzo mtu ambaye ameshalitumia? Atatuona wababaishaji." Akachora mshale unaotoka pembeni ya visanduku. "Na kila barua iwe na jambo moja na kitufe kimoja. Na wakibofya 'jibu', jibu lije kwetu, lisiende kwenye anwani ya uongo."

Aliandika barua zote tano kwa siku nne, kwa lugha aliyoitumia dirishani na majirani. Kipusa alizisoma akiwa amesimama, simu mkononi, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika ya pili, akatulia.

"Hii imekaa kavu," alisema. "Marafiki wawili, banda la gari, cherehani cha kuazima. Kila duka lina banda lake la gari. Weka kitu kinachomgusa mtu." Akashusha sauti. "Weka habari ya mtoto."

Mama Futi alijua anasema nini. Bintiye alipofika miaka kumi na miwili, uti wa mgongo wake ulianza kupinda. Bega la kushoto likapanda, ubavu wa kulia ukatokeza nyuma, na kila gauni la dukani likawa linamkaa kama la mtu mwingine. Ndipo Mama Futi alipomshonea la kijani, lenye mabega mawili ya urefu tofauti na mshono wa kati uliofuata mkunjo wa mgongo, na msichana akasimama nalo kwenye sherehe ya shule bila mtu kujua limeficha nini. Kwa furaha ya siku ile, Mama Futi alimpiga picha kwa nyuma akamtumia Kipusa, na jioni akamsimulia kila kitu: machozi, kioo kilichofunikwa shuka, jezi ya mpira wa pete iliyotupwa chini ya kitanda. Kwa nani mwingine angesimulia? Lakini binti alikuwa amemwomba mama yake jambo moja tu: mtu asijue.

"Hapana," Mama Futi alisema. "Hiyo si yangu kuitoa. Ni ya mwenyewe."

"Hatumtaji jina."

"Kipusa. Hapana."

"Haya mama, yameisha," Kipusa alisema, akainua mikono juu kama aliyekamatwa. Wakacheka. Barua ya pili ikabaki na banda lake la gari.

Siku ya kuuwasha mfumo wa kuzituma, Mama Futi alijiandikisha kwa anwani yake mwenyewe kama mteja wa kawaida. Kwa siku kumi alizipokea zote tano, akabofya kila kitufe kuona kinapeleka wapi, akairekebisha herufi moja kwenye ya nne. Ziko sawa. Na kwa vile mfumo hautumi barua ileile mara mbili kwa mtu mmoja, tangu hapo hakuziona tena. Alirudi kwenye mkasi wake. Aliona tu kwamba magauni yanayorudi yamepungua, akawa anaimba akikata.

Kitu kingine alichokiona, akakipuuza, ni kwamba wateja hawakujibu zile barua. Hata mmoja. Alidhani ndivyo watu walivyo.

Wiki ya saba, siku ya Alhamisi saa kumi, bintiye alirudi kutoka shule akasimama mlangoni mwa jikoni bila kuvua begi. Alikuwa na miaka kumi na saba sasa, mrefu, mwenye kupenda sweta pana hata siku za jua. Mama yake alikuwa anaosha vyombo.

"Mama," alisema, "mgongo wangu siku hizi unauza magauni?"

Mama Futi aligeuka na sahani mkononi. "Umesemaje?"

Msichana akamnyooshea simu. Ilikuwa picha ya skrini aliyotumiwa na mwenzake wa darasani, ambaye dada yake alijiandikisha dukani kwao apate punguzo. Juu kabisa kulikuwa na jina la duka. Chini yake, gauni la kijani, limepigwa kwa nyuma. Halafu maneno: *Binti yangu alipofika miaka kumi na miwili mgongo wake ulianza kupinda. Alifunika kioo kwa shuka. Aliitupa jezi yake chini ya kitanda. Usiku ule nilishika mkasi...* Na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa madaha, jina la Kipusa.

Sahani haikuanguka. Mama Futi aliiweka juu ya meza taratibu, kama kitu cha mtu.

"Si mimi," alisema.

"Habari ya shuka ulijua wewe peke yako. Ya jezi ulijua wewe peke yako." Sauti ya binti haikupanda. "Gauni lile darasa zima linalijua tangu sherehe ile, mama. Wamelitambua kabla hawajamaliza kusoma. Saa nne wakati wa mapumziko nilikuwa nazungukwa. Mmoja ameniuliza kama anaweza kugusa."

Mama Futi alifuta mikono, akafungua kompyuta palepale mezani. Aliingia kwenye mfumo wa kutuma barua, akaifungua ile ya pili. Ilikuwa hivyohivyo, neno kwa neno. Upande wa kulia, mfumo ulikuwa umeandika kila aliyeigusa na lini: jina la Kipusa, siku kumi na moja baada ya kuwashwa. Yaani alimsubiri mwenzake apokee barua yake ya mwisho ya majaribio, kesho yake akaibadilisha.

Kwanza aliisimamisha barua ile. Watu thelathini na wanane walikuwa kwenye foleni, wangeipata kesho, hao waliokoka. Kisha akatazama idadi ya waliokwisha kutumiwa: mia nne na kumi na wawili. Walioifungua, mia mbili na themanini. Barua pepe ikishatoka imetoka, hakuna pa kuivutia mkia irudi. Lakini alikumbuka kwamba picha haisafiri ndani ya barua. Barua huifuata kwenye ghala la duka inapofunguliwa. Akaenda kwenye ghala la picha, akalitafuta lile gauni, akalifuta. Atakayefungua kuanzia sasa ataona kisanduku kitupu. Waliokwisha kufungua walikuwa wameshaona.

Binti alimtazama akifanya hayo yote, amesimama nyuma ya kiti.

"Umeona jina la aliyeibadilisha?" mama alimwonyesha kwa kidole. "Umeona tarehe? Mimi nilikataa. Aliniomba, nikakataa."

"Nimeona," binti alisema. "Lakini nani alimwambia?"

Mama Futi aliifunga kompyuta. Msichana akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Asubuhi yake, kabla mafundi hawajafika, Mama Futi alimkuta Kipusa bandani anabandika anwani kwenye mifuko, redio ikiongea peke yake. Aliizima redio.

"Barua ya pili," alisema.

Kipusa hakujifanya hajui. Aliweka gundi chini. "Nilijua utakasirika. Ndiyo maana sikukwambia."

"Ulijua nitakasirika."

"Nisikilize kwanza. Yako ilikuwa nzuri, sikatai, lakini watu walikuwa wanaisoma wanapita. Hii wanaisoma wanajibu! Unajua wanajibu? Mtu analia kwenye barua. Na sikumtaja mtoto, nimesema binti *yangu*. Kwa makusudi! Ili mtu asijue ni wako. Nilikuwa namkinga."

"Wewe una wavulana wawili, Kipusa."

"Wateja watajuaje?"

Mama Futi alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Wanajibu wapi?" aliuliza. "Mimi ndiye ninayesoma barua za duka. Sijaona jibu hata moja."

Hapo Kipusa aliangalia pembeni. Alikuwa ameibadilisha pia anwani ya kujibiwa; majibu yote yalikuwa yanakwenda kwenye simu yake. Mama Futi akanyoosha mkono. Hakusema lete. Alinyoosha tu mkono mpaka simu ikawekwa kiganjani.

Yalikuwa majibu ishirini na sita. Wengi walikuwa akina mama. Mmoja aliandika kwamba mtoto wake amevaa mkanda wa chuma wa kunyooshea mgongo na hapati nguo ya kuvaa juu yake, afanyeje? Mwingine aliuliza mshono wa kati unaanzia wapi. Mwingine aliandika sentensi moja tu: *Nilidhani ni mimi peke yangu.* Mama Futi aliyasoma yote mpaka la mwisho, kwa sababu watu wale walikuwa wa kweli, na maswali yao ni yeye peke yake aliyeweza kuyajibu, na wala hawakumuuliza yeye.

Kipusa ndiye aliyejibu. Kwa yule mama wa mkanda wa chuma alikuwa ameandika: *Usikate tamaa dada yangu. Hata mimi nililia sana. Leo binti yangu haoni haya tena, anavaa chochote.*

Mama Futi alisoma mstari ule mara mbili. Akakumbuka sweta pana siku ya jua.

"Ungeiba ruwaza zangu," alisema, "ungeiba wateja, ungeenda kufungua duka lako kule ng'ambo ya barabara, ningekutukana, tukanuniana mwaka mzima, tukapatana. Mambo kama haya ningejua pa kuyaweka. Lakini umechukua aibu ya mtoto ukaivaa. Na ukasema imekwisha."

"Nisamehe basi." Kipusa alikuwa anatokwa na machozi, na pengine yalikuwa ya kweli, alikuwa mtu wa machozi ya karibu. "Nitamshonea kitu. Kizuri. Achague mwenyewe kitambaa."

"Utamshonea nini, Kipusa? Wewe hujui kukata."

Alitaka jambo moja kabla ya kuondoka: barua fupi ya kusahihisha, iende kwa wale mia nne na kumi na wawili tu, kwamba habari ile haikuwa ya aliyeisimulia, na ilitolewa bila ruhusa ya mwenyewe. Kipusa alikataa katakata. "Utaniumbua," alisema, na machozi yakakauka palepale. "Jina langu ndilo duka. Ukiniumbua mimi umelizika duka, pamoja na mafundi wawili wanaokula hapa." Kwenye hilo la mafundi alikuwa na hoja, na alijua anayo.

Mama Futi hakumhitaji ili kutuma. Nywila alikuwa nayo. Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, aliandika ile barua nyumbani: mistari minne. Akauambia mfumo uchague waliopokea barua ya pili, wasiozidi, wasiopungua. Kilichobaki kilikuwa kitufe. Alikuwa na haki na kidole kiko juu yake, na mwili mzima ulikuwa unamwambia bofya, wajue, wamjue huyu Kipusa.

Lakini safari hii aliinuka na kompyuta mkononi, akaenda kugonga mlango wa chumba cha bintiye. "Naomba ruhusa yako," alisema kwa nje. "Nataka kuwaandikia ukweli."

Mlango ulifunguka kidogo. Binti aliisoma mistari minne kwenye skrini, akamrudishia mama yake kompyuta.

"Usiwaandikie," alisema.

"Huyu mwanamke atabaki anaonekana mtu mwema, mwanangu. Wataendelea kuamini."

"Waamini. Ukiwaandikia watakwenda kuitafuta ile ya kwanza waisome tena. Kila mkiniandika, mama, mnanigeuza tena mgongo wangu uonekane."

*Mnanigeuza*, alisema. Wengi. Mama Futi alisikia kwamba na yeye yumo humo ndani pamoja na Kipusa, na hakubisha. Aliifuta ile rasimu mbele ya macho ya binti, na mfumo ukauliza una hakika, akasema ndiyo.

"Nilimwambia mimi," alisema baadaye, wakiwa bado pale mlangoni. "Siku ya sherehe. Nilikuwa na furaha nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Uliniomba nisimwambie mtu, nikamwambia mtu."

"Najua," binti alisema. Hakusema amesamehe.

Mama Futi aliondoka dukani mwisho wa mwezi, na mkasi wake na cherehani kimoja, bila kelele. Kabla ya kukabidhi nywila aliirudisha barua ya pili kama alivyoiandika yeye, na anwani ya kujibiwa akairudisha pia. Yule mama wa mkanda wa chuma, Mama Futi alimwandikia kwa anwani yake binafsi, ukurasa mzima: acha nafasi ya vidole viwili kila upande, fungua mshono wa pembeni badala ya wa nyuma, weka zipu pale. Hakujitambulisha zaidi ya kusema yeye ni fundi wa duka. Mama yule alijibu, *Asante fundi, msalimie sana bosi wako, ana roho nzuri.* Mama Futi alikaa na sentensi hiyo siku nzima.

Duka lipo mpaka leo. Anasikia kwa majirani kwamba barua ya kujipima bado inatumwa vilevile, na kwamba watu wanaisifu. Wakikutana barabarani na Kipusa husalimiana, habari za nyumbani, nzuri, wakapishana. Miaka thelathini ya urafiki sasa inatosha kwenye salamu ya hatua nne.

Binti alimaliza shule, akaenda chuoni mji mwingine. Nguo hununua mwenyewe, pana, na hapimwi na mtu. Hupiga simu kila Jumapili. Huzungumza masomo, chakula, mwalimu anayekohoa kila baada ya neno. Mama yake husikiliza na haulizi yale ambayo hajaambiwa.

Siku hizi Mama Futi anakata sare kwenye karakana kubwa yenye meza kumi. Juzi aliletwa fundi mpya, mwanamke mcheshi, akawekwa meza ya jirani. Kufika saa sita alikwisha kusimulia watoto wake wote wanne, nani anakojoa kitandani, nani alifeli, nani ana mchumba wa siri. Kisha akageuka, anatabasamu.

"Na wewe dada, una wangapi?"

"Mmoja. Msichana."

"Ehe! Yukoje?"

Mama Futi alinyoosha kitambaa, akakibana kwa pini mwanzo mpaka mwisho.

"Mzima," alisema, akaanza kukata.